Vipele vya Jafari

Rukia wa Mpapura ana ulimi, hilo halina ubishi. Mwanawe Jafari, wa miezi minane, aliposhikwa na homa kali, mama huyo alimpata mchawi kabla hajapata dawa. Wala hakwenda mbali: ni wifi yake Somoe, dada wa mumewe, nyumba ya pili tu. Jana yake Somoe alimpakata mtoto akasema amenenepa, wala hakutamka mashaallah. Na Somoe mwenyewe hajajaliwa mtoto. Ushahidi gani tena!

Zahanati wakapima malaria, haikuonekana. Muuguzi Theresia akamchunguza mtoto, akatoa paracetamol, akasisitiza anyonyeshwe mara kwa mara. Akilegea, akigoma kunyonya au akipata degedege, arudishwe haraka. Rukia akaitikia, lakini moyoni alijiambia kuwa kipimo hakioni husuda. Kisimani akawatangazia wenzake waziwazi kwamba wifi yake ana kijicho. Somoe alipoleta uji, alifungiwa mlango, akarudi na bakuli lake.

Siku tatu mtoto alichemka. Ya nne akaamka mwili umepoa, anacheka. Rukia akamvua nguo amwogeshe: kifua, tumbo na mgongo vimejaa vidoa vya waridi. Mama yangu, surua! Na chanjo yake bado, hajatimiza miezi tisa. Au yule mwanamke ndiyo anamalizia kazi? Akambeba mbio.

Theresia akampima joto, akamwangalia macho na kinywa. Hakuna kikohozi, macho si mekundu.

"Surua hutoa vipele homa ikiwa bado juu," alisema. "Huyu homa imeondoka ndipo vikatoka. Mara nyingi hiyo ni roseola, homa ya virusi ya watoto wadogo. Vipele vitafifia vyenyewe, havihitaji dawa."

Rukia hakuridhika, akataka kujua ni nani aliyemletea. Theresia akaeleza kwamba huambukizwa kwa mate, hata ya mtu mzima asiyeumwa chochote, na hukaa mwilini wiki moja au mbili kabla ya homa kuanza. Rukia akarudi nyuma kimawazo. Wiki zile Somoe alikuwa Madimba, msibani. Aliyekuwa akionja uji wa Jafari kwa kijiko kilekile cha mtoto ni yeye mwenyewe mama mtu.

Akapitiliza hadi uani kwa Somoe, akamkuta anamenya muhogo. Akaomba radhi. Jafari alipomwona shangazi yake akanyoosha mikono. Somoe akaacha kisu, machozi yakamlengalenga, lakini mikono yake ikabaki mapajani.

"Hapa simpokei, wifi," alisema taratibu. "Nipe kisimani, mbele ya wale uliowaambia."

Rukia aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Akamfunga mtoto mgongoni, akatangulia.