Karatasi Kumi na Mbili za Mama wa Akala

Ofisi yetu ya kupiga chapa ilikuwa ghorofani, ng'ambo ya soko la Kariokor, na kutwa nzima nyundo za mafundi wa viatu zilipanda kwetu kupitia dirishani. Nilizizoea hata zikawa kama saa ya ukutani: hutambui kwamba zipo mpaka zinyamaze. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi nyingine, na nilikuwa na kiburi kidogo cha mtu anayejua kuwasha kompyuta. Tulikuwa nayo moja tu, na printa moja ya rangi nyeusi. Ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini, na taipureta mbili kuukuu zilikuwa bado mezani, zimefunikwa vitambaa kama ndege waliolala.

Mwenye ofisi tulimwita Madam. Alikuwa amepiga chapa tangu ujana wake, barua za mawakili na ripoti za shule, na vidole vyake vilikimbia bila yeye kuviangalia. Kompyuta aliikubali, lakini kwa masharti yake: kila hati iwe na nafasi mbili kati ya mistari na ukingo mpana pande zote.

"Karatasi lazima ipumue," alikuwa akisema. "Iliyobanana ni ya kufungia sukari."

Mteja ninayemkumbuka kuliko wote alikuwa mama aliyeuza akala pale sokoni, vile viatu vinavyokatwa kutoka kwa magurudumu ya gari. Alikatiza masomo kidato cha tatu alipopata mtoto wake wa kwanza. Sasa mtoto huyo alikuwa amemshinda kimo, naye mama akajiandikisha kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kibinafsi. Chuo cha wauguzi kilikuwa kimemwambia waziwazi: ilete alama nzuri ya baiolojia, nafasi yako ipo. Mwaka uliotangulia alikuwa ameikosa. Huu ulikuwa mwaka wa pili, na alikuwa ameapa kwamba hakutakuwa na wa tatu.

Noti zake za baiolojia alikuwa ameziandika kwa mkono katika madaftari matatu. Wiki nzima Madam alizipiga chapa mwenyewe kwenye kompyuta, nazo zikafika kurasa arobaini na nane. Jumamosi saa sita mchana, mtihani ukiwa Jumatatu asubuhi, mama akapanda ngazi na aproni yake ya kazi, akinuka gundi na raba, mkononi bahasha.

"Hizi ndizo karatasi zangu," akasema. "Kikundi chetu cha kusoma kiligawana bando la karatasi tupu, mimi nikabaki na kumi na mbili."

Madam akacheka. "Kumi na mbili? Mama, kazi yako ni kurasa arobaini na nane! Unataka nizichapishe hewani?"

"Wanasema kompyuta inaweza kubana."

"Wanasema nani?"

"Watu wa soko."

"Haya, basi watu wa soko waje wabane." Madam akachukua mkoba wake, akaenda zake kula na kufanya ununuzi wake wa Jumamosi, akaniachia mteja na shida yake.

Mama akavuta kiti karibu yangu. Akanieleza kwamba hata kama angekuwa na karatasi arobaini na nane, hangezitaka. Angezisomea wapi? Jumapili yote angekuwa kibandani, maana wateja wengi wa akala huja baada ya kanisa. Alitaka kitu cha kuingia katika mfuko wa aproni, akichomoe mteja akiondoka na kukirudisha mwingine akija. Aliupiga huo mfuko kwa kiganja. "Hapa ndipo shule yangu."

Basi nikamwonyesha nilichokuwa nimekigundua mwezi huo huo. Katika dirisha la printa kwenye skrini kulikuwa na mahali pa kuchagua kurasa ngapi zikae kwenye karatasi moja: moja, mbili au nne. Nikachagua nne, maana karatasi zake zilikuwa nyepesi na wino ungepenya tukichapisha pande zote mbili. Kando yake pakatokea mchoro mdogo wa karatasi iliyogawanywa robo nne, moja na mbili juu, tatu na nne chini.

"Nne mara kumi na mbili," mama akanong'ona, kisha akapiga makofi. "Arobaini na nane! Mungu ni mkubwa."

Sikutaka kuzigusa karatasi zake kabla ya kujaribu. Nikachukua moja ya takataka ya ofisi, ambayo upande wa nyuma ulikuwa mweupe, nikachapisha kurasa nne za kwanza. Ikatoka ikiwa na joto. Mama akaipeleka dirishani. Akaisogeza karibu na uso, akaiondoa, akaisogeza tena.

"Msichana wangu, huu ni mchanga."

Na kweli ulikuwa mchanga. Kila ukurasa ulikuwa umepunguzwa nusu kwa urefu na nusu kwa upana, na herufi zimepunguzwa vilevile. Madam alikuwa ametumia ukubwa wa kumi na mbili, kwa hiyo mbele yetu palikuwa na herufi za ukubwa wa sita, kijivu, zikitambaa kama siafu. Mimi niliweza kuzisoma kwa shida. Yeye hakuweza kabisa. Nikaona furaha ikimtoka usoni taratibu, kama maji yanavyonywea ardhini.

Lakini hakuondoka. Aliiweka ile karatasi mezani na kuitazama namna ambayo sikuielewa. Hakuwa akiisoma, alikuwa akiipima.

"Hapa kuna nini?" akauliza, kidole kikizunguka ukingo mweupe wa robo ya kwanza.

"Hakuna kitu."

"Na hapa?" Kidole kikapita kati ya mistari.

"Hakuna."

"Nikikata soli kutoka kwa gurudumu, siwezi kumpunguzia mteja mguu ili raba itoshe. Naangalia kwanza nafasi zinazolala bure. Nageuza kisigino hapa, kidole pale, mpaka zikae. Wewe umenipunguzia mguu, na raba yote hii umeitupa."

Alisema kweli. Ukingo mpana wa Madam na nafasi zake mbili vilikuwa vimepunguzwa pamoja na maneno, vikarudiwa mara nne kwenye kila karatasi. Tulikuwa tumebana herufi ili tuhifadhi weupe.

Nikafanya nakala ya kazi ya Madam, nikaifungua. Nikapunguza ukingo, nikaondoa nafasi mbili nikaweka moja, kisha nikapandisha herufi hadi ishirini, nikijua kwamba zikipunguzwa nusu zitabaki kumi. Nikabofya, nikangoja kwa fahari.

Noti zikasambaratika. Mstari mrefu, neno moja peke yake, mstari mrefu, maneno mawili peke yake, hivyo hivyo hadi chini, kama ngazi iliyovunjika. Kurasa, badala ya kupungua, zikapita themanini.

Nilikaa nikiitazama skrini mpaka nikaelewa. Taipureta ina kengele ndogo inayolia mstari unapokaribia kwisha, na mpiga chapa anapoisikia huushusha mstari kwa mkono. Kompyuta hushusha yenyewe. Lakini Madam alikuwa ameisikia kengele hiyo miaka mingi mno. Iliendelea kulia ndani yake hata mahali ambapo haikuwepo, na kila ilipolia alibonyeza kitufe cha kushusha mstari. Mwisho wa kila mstari, katika kurasa arobaini na nane, alikuwa ameacha fundo.

"Inafunguka?" mama akauliza.

"Inafunguka. Moja moja."

"Basi tufungue."

Miaka baadaye mtu alinionyesha njia ya kuyaondoa mafundo yale yote kwa dakika chache, nikacheka hadi machozi yakanitoka. Siku ile sikuijua. Tena si yote yaliyotakiwa kuondoka, maana mengine yalikuwa mwisho halali wa aya au wa kichwa cha habari. Kwa hiyo mama alifungua madaftari yake, yaliyokuwa bado mezani kwa Madam, akawa anasoma kwa sauti, nami nikifika mwisho wa mstari ananiamuru.

"Figo huchuja damu na kuondoa... unganisha! ...uchafu unaotoka kama mkojo. Acha, hapo aya imekwisha. Kichwa kipya."

"Unganisha?"

"Wee, nimesema acha! Utaunganisha figo na mapafu, mtu afe."

Tulicheka, tukaendelea. Nje nyundo zilipiga, ndani sauti yake ilipanda na kushuka, ikapita kwenye moyo, ikapita kwenye jani na jua lake. Mwanzoni alisoma akifuata maneno kwa kidole. Kufikia daftari la tatu niliona anatazama dirishani, daftari limelala mapajani, na bado anasema, "Unganisha. Unganisha. Acha."

Niliendelea kubonyeza tu. Niliogopa kumwamsha.

Madam alirudi alasiri, tukiwa kwenye kurasa za mwisho. Akasimama nyuma yetu, akaona ukingo wake umeliwa na nafasi zake mbili zimepotea.

"Nani ameichuna ngozi kazi yangu?"

"Yako ipo, Madam, haijaguswa," nikamwambia. "Hii ni nakala."

"Na hizi mnazofuta ni nini?"

Nikamweleza habari ya kengele. Nilidhani angekasirika. Vidole vyake viligongagonga mkoba, kisha akainua pembe ya kitambaa cha taipureta moja, akaitazama, akaifunika tena.

"Kumbe bado inalia," akasema polepole.

Zilitoka kurasa arobaini na saba. Nikatia karatasi za mama kwenye printa, kumi na mbili, hakuna ya akiba, na sote watatu tukasimama kuitazama ikizivuta moja baada ya nyingine. Robo ya mwisho ya karatasi ya mwisho ilibaki nyeupe.

"Angalau hiyo inapumua," Madam akasema.

Mama alisoma ya kwanza pale dirishani, mkono umenyooka, bila kukunja uso. Madam akamnyang'anya kwa upole, akatoa rula yake ya chuma, akazikunja zote kumi na mbili mara mbili, akipitisha rula juu ya kila kunjo, hata kila moja ikawa sawa na kiganja. Zikaingia katika mfuko wa aproni kana kwamba zilipimwa kwake.

Jumatatu jioni alipanda ngazi tena. Waliuliza kuhusu figo, akasema, naye katikati ya ukumbi ule wa kimya, badala ya kuona karatasi, alisikia sauti yake mwenyewe ikiniamuru niunganishe. Alikuwa ameandika mpaka mahali aya ilipokwisha, akaacha. Karatasi zenyewe hakuzitoa mfukoni Jumapili yote ila mara mbili, kuhakikisha.

Matokeo yalipotoka alikuwa amepata alama moja juu ya ile aliyoitaka. Kabla ya kwenda chuoni aliniletea jozi ya akala alizokata kwa mkono wake. Nilimuuliza alijuaje ukubwa wa mguu wangu, maana hakuwahi kuupima.

"Nilikaa nao chini ya meza mchana mzima," akasema. "Na sikuupunguza."