Kindege Chini ya Kiti

Katika picha niliyoshika nikisoma wasifu wa marehemu Mjomba Deo kanisani, yuko kwenye meza yake ya useremala, mtaani Rwamishenye. Amepindua kiti, patasi mkononi. Nilikumbuka mchana ule, harufu ya mninga uliotoka kurandwa. Alikuwa akichonga kindege chini ya kiti.

"Mjomba, ni changu?"

"Ni changu mimi. Nyamaza."

Nilidhani anacheza. Kumbe alikuwa akiweka alama yake, maana alishamjua fundi mwenzake, mzee wetu Ta Kaijage, ambaye baadaye alisifiwa maisha yake yote kwa viti vya kanisa hili, vilivyotengenezwa na mjomba.

Sasa Ta Kaijage alikaa mbele, akifuta machozi. Nikashusha karatasi.

"Ta Kaijage, simama kidogo, ugeuze kiti ulichokalia."

Hakusimama. Waliokaa karibu naye wakasimama, wakageuza vya kwao. Chini ya kila kiti palikuwa na kindege.

Sikumwonea huruma.