Laini Iliyokatwa Sokoni Mwandiga

Nina tabia ya kusoma tarakimu kwa midomo. Nilijifunza ufundi wa injini za boti peke yangu, kwa vitabu vya kuazima, na sikuiamini namba yoyote mpaka niitamke. Asubuhi ile sokoni Mwandiga, kwenye kibanda cha wakala, niliinamia simu nikaitamka namba yangu ya siri, tarakimu nne, taratibu. Kijana mwenye jezi nyekundu alikuwa nyuma ya bega langu.

Nilitoa kiasi kidogo tu. Kilichobaki kwenye simu kilikuwa bei ya shamba la marehemu baba kule Kidahwe. Nusu ilikuwa yangu, nusu ya dada yangu, mjane, ambaye hakuwa na kitu kingine duniani. Yeye hakuwa na simu. Alinipa mimi nimtunzie kwa sababu mimi ni mtu wa mpangilio.

Hatua chache mbele, simu iliporwa mkononi mwangu. Nilipiga kelele ya mwizi. Ni neno ambalo sokoni huwezi kulirudisha ukishalitoa.

Watu walimkamata yule wa jezi nyekundu karibu na wauza mawese. Nilipofika alikuwa chini, jezi imechanika, sikio linavuja damu. Mwanamume mmoja alikuwa akimpiga mgongoni kwa ubao wenye misumari. Mwingine alimkanyaga vidole mpaka nikasikia mlio, kama kijiti kikavu. Simu yangu ilikuwa kando, kioo kimepasuka, tundu la laini wazi.

"Laini iko wapi?" niliuliza.

"Anayo mwenzangu," alisema, akitema jino. "Ameondoka na pikipiki. Mzee, nisaidie."

Hapo nilielewa. Mwenzake angeiweka laini kwenye simu nyingine, na namba ya siri walikuwa wameisikia kinywani mwangu. Zilibaki dakika chache tu.

Nilikimbia kwa wakala, mama mnene aliyekuwa ametoka kuangalia. "Dada, simu yako, haraka. Nifunge laini."

"Piga huduma kwa wateja," alisema, akinipa. "Waambie wafunge laini na akaunti ya pesa, vyote viwili. Usisahau ya pesa."

Nilisimama pale pale, hatua tatu kutoka kwa yule kijana. Sauti ya binti ilipokea, akauliza jina kamili. Sikumsikia sawasawa. Nyuma yangu mtu aliita, "Leteni tairi!" Mwingine alicheka, "Na petroli nani ananunua, wewe bahili?"

"Nyamazeni!" nilifoka. "Nafunga laini! Pesa zinaondoka!"

Wakanyamaza. Kila mmoja pale alikuwa na pesa zake kwenye simu. Ubao ulibaki hewani. Nilitaja jina, kisha namba ya kitambulisho cha taifa, tarakimu zote ishirini, kwa kichwa, nane za mwanzo zikiwa tarehe yangu ya kuzaliwa. Nilitaja muamala wa mwisho na wakala niliyemtumia. Nilimsikia binti akibonyeza vitufe.

"Tumefunga laini na akaunti, baba. Hakuna pesa iliyotoka. Nenda na kitambulisho dukani kwetu, utarudishiwa laini kwa alama ya kidole, kisha uweke namba mpya ya siri. Namba ya siri usimtajie mtu, hata sisi."

Akakata.

Watu walinitazama wakisubiri. Nilimwona yule mwenye ubao akibadilisha mshiko. Sikuishusha simu.

"Ndiyo," niliiambia simu iliyokufa. "Narudia. Moja, tisa, saba..."

Nilizisoma zote ishirini, nikaanza tena. Mama wakala alikuwa ubavuni mwangu. Aliona kioo kimezima. Alinitazama, kisha akageukia umati. "Tulieni, mtandao unasumbua."

"Mtandao gani huo wa saa nzima?" mtu alinung'unika.

"Wa kwako una kasi? Tulia, wewe."

Sijui nilirudia mara ngapi. Koo lilikauka. Kijana alikuwa akipumua kwa mkoromo, damu ikichanganyika na mawese ardhini. Gari la polisi, sijui nani aliliita, lilipoingia sokoni ndipo niliposhusha mkono. Tulimbeba mimi na askari wawili. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani.

Polisi waliandika taarifa ya upotevu, nami nikaenda nayo dukani Kigoma mjini. Mashine ilikataa kidole changu mara mbili.

"Mikono yako, baba," mhudumu alisema, akinisogezea karatasi laini.

Ilikuwa damu iliyokauka kwenye mistari ya kidole gumba. Niliifuta kwa mate. Mara ya tatu mashine ilikubali. Laini mpya ilipowaka kwenye simu yangu iliyopasuka niligeukia ukutani, nikaficha simu kwa kifua, nikaweka namba mpya ya siri nikiwa nimefumba midomo.

Jioni, Ujiji, nilimsimulia dada yangu, naye akauliza kama pesa zipo. Nilimwambia zipo zote.

"Na yule mtoto wa watu?"

Nilimwambia alikuwa anapumua nilipomwacha. Zaidi ya hapo sikuwa na hakika, nami sitamki nisichokuwa na hakika nacho.