Tone la Macho Tu

Kwenye kliniki ya macho mjini Nyeri, mama yangu aliulizwa kama ana ugonjwa mwingine. Akasema hana. Pumu yake ni ya kifua, na yeye alikuwa ameleta macho. Akapewa matone ya timolol ya presha ya macho.

Siku chache baadaye kifua kikawa kinalia filimbi na moyo unapiga polepole. Sisi wanawe wasomi tukalaumu moshi, baridi ya kwetu Mukurweini, hata ng'ombe. Tukampeleka hospitali, na daktari akauliza anatumia dawa gani.

"Hakuna," tukajibu. "Ni tone la macho tu."

Akatueleza, kama anayefundisha chekechea, kwamba tone hushuka na mfereji wa machozi hadi puani, likaingia damuni, likapunguza mapigo ya moyo na kubana njia za hewa. Akambadilishia dawa.

Siku hizi hata akienda kung'olewa jino, mama huanza kwa kutaja kifua. Sisi wasomi huambiwa tungoje nje.