Salamu za Sikukuu kwa Mgeni Aliyeulizia Basi la Rangwi

Mama Alen akiandika salamu za sikukuu, jikoni hakukaliki. Ananiita kila baada ya sentensi mbili, nami nina mboga mekoni, na akishanisomea anataka nimwambie ukweli, halafu ukweli wenyewe akiusikia ananuna. Miaka yote niliyompikia katika nyumba yake ya wageni hapa Lushoto, kwenye barabara ya kupanda Magamba, mimi Shamsa binti Zuberi, Mwislamu wa kuzaliwa, ndiye mhariri wa salamu zake za Krismasi. Sijui Walutheri wenzake wanafanya kazi gani.

Jina lake ni Efrazia. Mumewe alikuwa dereva wa lori la mboga, na nyumba hii waliijenga chumba kimoja kimoja mpaka vikafika sita, akafariki kabla cha sita hakijapigwa lipu. Watu walimshauri auze. Alikaa kimya mwezi mzima, kisha akamwita fundi amalizie lipu. Ndivyo alivyo: hasemi sana, ila akishaamua, umekwisha.

Katika salamu ana taratibu zake, na ole wako uzivunje. Mgeni anapoondoka anamuuliza, "Nikikusalimu sikukuu hutachukia?" Akisema atachukia, namba yake haiguswi. Ujumbe unatoka mapema Desemba, watu wanapoanza kupanga likizo, tena mmoja mmoja, kwa jina la mtu. Siku moja mwanawe Alen alitaka kuwaingiza wageni wote kwenye kundi moja la WhatsApp. Mama yake alimtazama kana kwamba amependekeza walale wote chumba kimoja.

"Hawa hawajuani," alisema. "Kila mtu alikuja na lake."

Bei haandiki mpaka aulizwe. Haandiki kwamba vyumba vinakwisha, hata kama vinakwisha kweli. Asiyejibu hafuatwi. Na hataji kamwe mgeni alikuja na nani, maana simu ya mtu inaweza kusomwa na mwenye haki ya kukasirika. Kwa hilo namsifu, kwa sababu kuna nyumba hapa mjini zimevunja ndoa kwa "karibuni tena wewe na wifi".

Anachoandika ni kitu kimoja anachokumbuka kuhusu mgeni, na hali ya huku ilivyo: plamu zimeiva, ukungu unachelewa kuondoka asubuhi, barabara ina utelezi sehemu fulani. Nilimwambia habari ya utelezi itawafukuza. Akasema afadhali afukuzwe na ujumbe kuliko kufukuzwa na kona za Mombo.

Mwaka jana tulipofika kwenye jina la mgeni mmoja, Benjamini, tuliacha kuandika, tukaanza kujiuliza maswali.

Huyu alikuja wakati wa baridi kali, peke yake, na begi dogo. Alikaa siku chache. Kila siku aliuliza basi la Rangwi, kijiji cha huko juu milimani, linapita saa ngapi, kila siku nikamjibu, na kila mchana alitoka barazani na begi lake, basi likapunguza mwendo, kondakta akamwita, yeye akatikisa kichwa. Basi likapanda. Mgeni akarudi ndani, akaomba chai. Siku ya mwisho alipanda gari la kushuka Mombo.

Mimi ni mdadisi, sikatai. Nilimweleza Mama Alen fikra zangu zote: ana mke wa zamani kule, ana kesi, ni mpelelezi. Mama Alen aliniambia nikaangalie maharage. Lakini yeye mwenyewe alikuwa akijiuliza, nilimjua kwa jinsi alivyokuwa akifuta meza ile ile mara mbili. Basi kwenye salamu akaandika hivi:

"Ndugu Benjamini, heri ya Krismasi na Mwaka Mpya kutoka Lushoto. Tunakukumbuka ulivyokuwa ukiulizia basi la Rangwi, na jinsi ulivyopenda chai ya tangawizi. Basi bado linapita hapa mbele kila mchana. Mvua zipo, njia ina utelezi kidogo. Ukipata nafasi, karibu. Usipopata, sikukuu njema huko uliko."

"Ipo vizuri," nilisema. "Labda atatueleza kisa chake."

Benjamini hakujibu. Baada ya siku tatu nne, asubuhi, aliingia mama mzee aliyevaa kanga juu ya sweta, na gumboti zenye udongo wa shamba. Alikuwa na rozari shingoni. Mama Alen akainuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Onga mshi," aliongeza salamu ya asubuhi ya Kisambaa. "Wewe ndiye Efrazia wa nyumba hii?"

"Ndiye mimi."

Mzee akatoa simu kubwa iliyopasuka kioo, akaiweka mezani. "Mimi ni Scholastica. Natoka Rangwi. Simu yangu ya kitochi iliharibika, mwanangu akanitumia hii yake kwa basi, na laini humo humo. Juzi mjukuu akanisomea ujumbe wako. Mwanangu Benjamini alikuja mpaka hapa?"

Sijapata kumwona Mama Alen akibadilika uso vile. Alikuwa ameziba matundu yote, akasahau moja. Alijua simu ya mume husomwa na mke. Hakufikiria kwamba simu ya mtoto inaweza kuwa mkononi mwa mama, na kwamba basi, kitu cha barabarani anachokiona kila mtu, linaweza kuwa siri ya mtu.

"Mama," alisema polepole, "habari za wageni wangu huwa sisemi."

"Sikuombi useme. Ulishasema." Mzee hakuwa na hasira, na hilo ndilo lilituumiza zaidi. "Mwaka wa tatu huu sijamwona. Akipiga simu anasema kazi zimembana kiwandani. Namwambia njoo, anasema nitakuja. Kumbe alikuja. Akalala kwa watu, mimi niko juu hapo."

Hapa kwetu hilo si jambo dogo. Mtoto kufika Lushoto akalala nyumba ya wageni, na mama yake yu hai, ana nyumba na kuni! Watu wakisikia wanauliza mama huyo alimfanya nini mwanawe. Mama Alen alibaki ameshika ukingo wa meza. Mimi sikuvumilia.

"Alikuwa mzima," nilisema. "Alikuwa peke yake, na alikuwa anakula. Kila siku alitoka na begi lake kwenda kupanda basi."

Mama Alen alinitupia jicho, lakini hakunikatiza. Mzee Scholastica alilia kidogo, bila sauti, akajifuta kwa pindo la kanga. Nikampa chai.

"Mnisaidie," alisema alipomaliza nusu kikombe. "Mimi kila nikimwita anarudi nyuma. Wewe umemwita mtu usiyemjua, kwa maneno matamu hivi kama huna haja naye. Niandikie na mimi ujumbe wa kumwita. Namba yake ya sasa ninayo."

Mama Alen akavuta kiti. Ilibidi uwe ujumbe wa kawaida, si wa WhatsApp, kwa sababu Benjamini sasa alikuwa amempa mama yake simu kubwa, mwenyewe akabaki na kitochi. Niliona Mama Alen akilitafakari hilo, lakini hakulisema.

"Anza wewe, mama."

"Mwambie nimezeeka. Mwambie naweza kufa asinione. Mwambie watu wanasema nimemlaani."

"Hayo nikiyaandika atakuja kuzika," Mama Alen alisema. "Nyumbani kuna nini sasa hivi?"

"Kuna nini? Hakuna kitu. Plamu zimeiva zinaanguka tu. Ng'ombe amezaa, ndama jike. Kile chumba chake kilikuwa kinavuja, nimeziba bati."

"Hayo ndiyo tutakayomwambia."

Akaandika kwenye simu ya mzee, nami nikasimama nyuma yake kama kawaida. "Mwanangu, heri ya Krismasi. Plamu zimeiva, nyingi zinaanguka chini. Ng'ombe amezaa ndama jike. Chumba chako hakivuji tena. Ukipata nafasi, karibu nyumbani. Usipopata, sikukuu njema huko uliko, mimi ni mama yako vile vile."

Alipomsomea, mzee aliinua mkono. "Hiyo ya usipopata, ifute. Asipopata? Mimi nataka apate."

"Mama, mgeni nisipomwachia nafasi ya kukataa, harudi hata siku aliyotaka kurudi."

"Yeye si mgeni."

"Ndiyo maana anaogopa zaidi."

Walitazamana. Nilidhani mzee atachukua simu yake aondoke, maana si rahisi mtu mzima kufundishwa kumwita mwanawe na mwenye gesti. Alizungusha rozari kidoleni muda mrefu. Nje watu walikuwa wanashusha kabichi kwenye pikipiki.

"Je, akichukua hiyo ya usipopata?" aliuliza. "Akisema haya, sipati?"

"Anaweza," Mama Alen alijibu. Hakumdanganya, na nilimpenda kwa hilo. "Mimi wengi hawarudi."

"Basi tuma," mzee alisema, akageuza uso.

Tulikaa. Niliacha jiko, na siku hiyo wali wa wageni ulishika chini. Jibu lilipokuja, Mama Alen alilisoma kwanza kimoyomoyo, kisha kwa sauti, polepole.

"Mama, sina cha kuleta. Kazi iliisha tangu mwaka jana. Nilikuwa naona aibu kukwambia."

Nikakumbuka lile begi dogo. Mawazo yangu yote ya mke na kesi na upelelezi, na kumbe mtu alikuwa anatoka barazani kila mchana anajipima kama anaweza kuingia kwao mikono mitupu, na kila mchana anashindwa. Niliona aibu kwa kumdhania vile.

Mzee Scholastica hakulia tena. Aliomba asomewe mara ya pili, halafu akasema, "Andika: hata mimi sina. Njoo tukose pamoja."

"Niongeze kitu?" Mama Alen aliuliza.

"Usiongeze."

Benjamini alipita hapa siku mbili kabla ya Krismasi. Hakulala. Mama Alen alimvuta pembeni, akamwomba radhi kwa ule ujumbe, akamweleza yote jinsi yalivyokuwa, wala hakujitetea. Benjamini alimsikiliza hadi mwisho. "Laini nilimpa mama mwenyewe," alisema, akacheka kidogo, akatoka kwenda kusimama barabarani. Nilimchungulia dirishani. Kondakta hakupata nafasi ya kumwita, Benjamini alishapanda.

Tangu hapo mgeni anapoondoka, Mama Alen anauliza swali la pili: "Simu hii ni ya kwako peke yako?" Wengine wanacheka. Na kumbukumbu za mtu hatuandiki tena, tunaandika plamu na barabara tu. Mimi nimelalamika kwamba salamu zimepoa, akanuna.

Desemba hii tumekaa tena, mimi nasoma majina, yeye anaandika. Nilipofika kwa Benjamini nikalisoma jina polepole, nione atasemaje. Hakuinua hata macho.

"Huyo mruke," alisema. "Ana kwao."