Dhamira ya Karakana ya Majeneza

Baba alipofariki, kaka yangu alibaki na karakana na mama alibaki na cherehani. Mimi nilikuwa Iringa, katika ofisi ya mradi mmoja, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuandika maombi, ripoti na yale maneno yanayowekwa ukurasa wa kwanza: dira na dhamira. Mradi ulipokwisha nilirudi Mbeya. Karakana yetu iko nyuma ya soko la Mwanjelwa, na kwa sehemu kubwa tunatengeneza majeneza. Mbao za paini tunaletewa kutoka Igowole. Kaka anapasua na kupiga randa, mama anashona kitambaa cha ndani.

Nilitaka kuonekana nina faida nyumbani. Wiki ya kwanza tu nilimwita mchoraji, akaandika ukutani kwa rangi ya buluu: "Tunatoa huduma bora zenye viwango vya kimataifa. Kuridhika kwako ndiyo furaha yetu." Kaka alisimama akasoma, akasema herufi zimenyooka. Mama alisoma, akarudi kwenye cherehani yake. Mimi nilidhani amependa.

Miezi kadhaa baadaye, asubuhi moja ya manyunyu, alikuja mwanamume mmoja akiwa na shemeji yake. Alishika kipande cha kamba ya katani kilichofungwa fundo kila mwisho. Nilimpa pole, nikamkaribisha kwenye benchi. Hakukaa. Alinipa ile kamba, akasema, "Ndiyo urefu wake. Ana miaka tisa." Kisha akajirekebisha: "Alikuwa."

Kaka aliipokea kamba kwa mikono miwili, akaenda kuilaza juu ya ubao. Yule baba alibaki amesimama akiutazama ukuta. Aliyasoma yale maandishi kwa sauti, taratibu, kama mtu anayesoma tangazo la hospitali.

"Binti," akaniuliza, "hii furaha mnayoisema hapa ni ipi?"

Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningeomba radhi yakaisha. Aliuliza kwa sababu kweli hakuelewa, na mimi niliyeyaandika nilikuwa sielewi pia. Nikasema, "Nisamehe, baba." Shemeji yake akamshika bega, wakatoka kusubiri chini ya paa la duka la jirani.

Jeneza lilipokuwa tayari wakalibeba wenyewe. Halikuhitaji watu wanne.

Mchana ule nilichukua ndoo ya chokaa nikaufuta ukuta. Rangi ya buluu ilikuwa inachungulia, nikarudia mara ya pili, na ya tatu. Mama alitoka akanikuta.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Niliona umesoma," akasema. "Nikadhani ndivyo wanavyoandika."

Ningeachana kabisa na maneno ya namna hiyo, ila wakati huohuo kikundi kimoja cha kuzikana kilikuwa kinatafuta mafundi wa kudumu. Katibu wao alitupa fomu. Palikuwa na nafasi ya jina la biashara, aina ya kazi, na chini yake: dhamira ya biashara. Kaka akanisukumia. "Hiyo ni yako."

Niliandika kama nilivyozoea: kuwa kinara, ubunifu, weledi, huduma ya kipekee. Kisha nikajaribu kumsomea yule baba kichwani mwangu, mstari kwa mstari. Hakuna hata mmoja ulioweza kusomwa mbele yake. Na nikagundua jambo jingine: muuza simu wa ng'ambo ya barabara angeweza kuyachukua maneno hayohayo yote, asibadilishe hata nukta. Hayakusema kama tunatengeneza majeneza au tunauza vocha. Nikachana karatasi.

Jumapili baada ya ibada nikawaketisha mama na kaka karakanani. Nikawauliza swali moja: sisi tunafanya nini?

"Majeneza," kaka akasema.

"Andika hivyo," mama akasema.

Nikaandika: Tunatengeneza majeneza ya mbao za paini. Nikaongeza: kwa heshima.

Mama akauliza, "Heshima ipi? Mtu akija ataionaje?"

Nikafikiri. Nikasema heshima ni kama vile kaka anavyozima mashine wafiwa wanapoingia. Ni kwamba hatumuulizi mtu mara mbili marehemu alikuwa na urefu gani. Ni kwamba baba hakuwahi kumwonyesha mtu jeneza la gharama kubwa kama ameomba la kawaida.

"Basi andika hayo," akasema. "Heshima ifute."

Nikaifuta. Kaka alikuwa anachuna gundi iliyokauka kwenye vidole. Nilipoandika "tunakuwa tayari kwa saa tuliyoahidi", akanyanyua kichwa.

"Hiyo siwezi kuisaini."

"Kwa nini?"

"Umeme. Ukikatika nusu siku, nitapasua kwa msumeno wa mkono, nitachelewa. Wewe umeandika tunakuwa tayari. Siku nitakayochelewa nitakuwa mwongo, na karatasi iko kwao."

Tulibishana kidogo. Nilisema kila biashara inaahidi. Akasema ndiyo maana watu hawaamini. Mwisho mama akatafuta njia: tuseme lile tunaloweza hata umeme ukikatika. Tukakubaliana hivi:

"Tunatengeneza majeneza ya mbao za paini kwa familia za Mbeya na vijiji vya jirani. Tunapima mara moja. Wafiwa wakiwepo tunazima mashine. Tunatengeneza ulichoomba, hatukushawishi uchukue cha gharama zaidi. Tukiona hatutawahi, tunakuambia mapema ili utafute kwingine."

Katibu wa kikundi aliisoma amesimama mlangoni. "Mbona haina dira?" akauliza. "Wenzenu wameandika kuongoza nyanda zote za juu kusini."

Nikamwambia hatuna mpango wa kuongoza. Akaangalia tena ile sentensi ya mwisho, akasema hajawahi kuona fundi anayemwambia mteja aende kwingine. Akaikunja, akaondoka nayo. Baada ya majuma matatu tukaambiwa tumo kwenye orodha, pamoja na mafundi wengine wawili.

Kazi ya kwanza kutoka kwao ilikuwa ya mama mmoja aliyekuwa akienda kuzikwa Igawa. Safari ilipangwa saa nane mchana. Saa tatu asubuhi umeme ukakatika. Kaka alianza kwa mkono. Jasho lilimtoka na hali ya hewa ilikuwa ya baridi. Saa nne na nusu akaweka msumeno chini, akapima kwa macho kilichobaki.

"Sitawahi," akasema.

Nilimwona akitamani kuendelea. Nami nilitamani. Tungeweza kusema tupo karibu, tupo karibu, mpaka saa nane ifike na watu wamekaa ndani ya gari na mwili. Mafundi wengi hufanya hivyo, na sisi tulishafanya. Akachukua simu akampigia mkubwa wa ile familia. Nilisikia upande wake tu. "Shikamoo, mzee. Umeme umetukatikia. Saa nane sitakuwa nimemaliza. Bado mna muda wa kupata kwingine." Akasikiliza. "Ndiyo, mzee. Poleni sana."

Walipata kwa mmoja wa wale mafundi wawili, aliyekuwa na jeneza lililokwisha tengenezwa, wakaondoka kwa wakati.

Kaka alikaa juu ya lile jeneza lisilo na kifuniko, akashuka haraka kama aliyekumbuka ni kitu gani. Nikamwuliza kama tuiondoe ile sentensi kwenye karatasi. Akasema tusiiguse. Sauti yake haikuwa ya mtu mwenye fahari. Ilikuwa ya mtu aliyechoka. Mama akatoka na kitambaa alichokuwa ameshashona, akakikunja mara nne na kukirudisha kwenye mfuko wake wa nailoni ili kisishike vumbi la mbao.