Simu Iliyomwandikia Dada Kiingereza

Dada yangu alinitumia ujumbe wa mstari mmoja: "Mtafutie mtoto msimamizi anayejua Kiingereza." Zilikuwa zimebaki wiki mbili binti yangu apate kipaimara, na msimamizi alikuwa ni dada mwenyewe. Nguo ilishashonwa.

Niliusoma ujumbe ule nikiwa kazini, mapokezi kwenye loji moja hapa Karatu, huku mgeni akiniuliza kama Ngorongoro kuna baridi. Nikamwambia ipo. Nilipompigia dada, hakupokea.

Nieleze hapa kwamba dada aliacha shule darasa la tano ili mimi nisome. Mama alikuwa mgonjwa, shamba halina mtu, na mmoja wetu ilibidi abaki. Hajawahi kunisimanga kwa hilo hata siku moja. Ingekuwa mimi, ningesimanga kila Krismasi.

Siku yangu ya mapumziko nikapanda bodaboda hadi Mbulumbulu. Nilimkuta uani, amekaa kwenye turubai na ungo mapajani, anachagua maharage.

"Shikamoo dada."

"Marahaba." Hakuinua macho. Alichukua simu yake, akanipa. "Soma."

Zilikuwa jumbe zangu za miezi mitatu, tangu loji iliponipa simu mpya ya kazi. Kabla ya hapo nilikuwa na kitochi, simu ndogo ya vitufe, na kitochi hakina maoni, unaandika kinatuma. Hii mpya ilikuwa imewekwa Kiingereza peke yake, na inabadilisha maneno yenyewe. Nilipoandika "lakini", imetuma "lacking". "Kama" imekuwa "karma", na pale nilipojitaja mimi pamesomeka "mini". Maneno marefu imeyaacha yalivyo. Ukisoma kwa haraka ungesema ni mtu anayechanganya Kiswahili na Kiingereza kwa makusudi, mtu wa maringo. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Nilimpelekea katekista anitafsirie," dada akasema. "Alisoma, akavua miwani, akasema hiki ni Kiingereza cha watu waliosoma sana."

Katekista huyo namfahamu. Hawezi kukiri kwamba kuna kitu hajui, hasa mbele ya muumini.

Nilikaa turubaini nikamwonyesha kwenye simu yangu. Nikaandika "lakini", likakaa vizuri kwenye kioo. Nikabonyeza kitufe cha nafasi, likageuka palepale. Nikalifuta, nikarudia, likageuka tena.

"Kwa hiyo inayoringa ni simu," akasema.

"Ndiyo."

"Na wewe huangalii imeandika nini?"

"Natuma tu, dada. Nakuwa na haraka."

"Wageni wako nao unawatumia hivi hivi?"

"Hapana. Wale nasoma mara mbili kabla ya kutuma."

Jibu lilikuwa limeshatoka. Dada alitoa jiwe kwenye maharage, akalitupa pembeni, akaendelea kuchagua. Nilitamani kulia, lakini mbele ya dada huwa nakuwa mtoto wa darasa la kwanza, na darasa la kwanza tulikatazwa kulia.

Nikafungua mipangilio ya kibodi, nikaingia kwenye lugha, nikabonyeza pa kuongeza nyingine. Dada akasogea kuangalia. Orodha ilikuwa ndefu, imejaa lugha za watu ambao hatujawahi kuwaona hata pale lojini. Tukakifikia Kiswahili. Kilikuwa cha Kenya na cha Tanzania.

"Weka cha kwetu," akasema.

Nikaweka. Ikapakua kidogo, mtandao ukasuasua, ikamaliza. Pembeni ya kitufe cha nafasi ikatokea alama ya dunia. Nikamweleza kwamba Kiingereza nimekiacha kwa ajili ya kazi, na kwamba nikitaka kuhama naigusa dunia hiyo.

"Yaani muda wote huu ulikuwa ni mguso mmoja," akasema.

"Nilikuwa sijui."

"Hukutafuta."

Ni kweli. Nikaigusa dunia, na tukiwa tumekaa, hatua moja tu kati yetu, nikamwandikia: "Dada, nimekosa. Najua unanikasirikia, lakini naomba umsimamie mtoto wangu kama tulivyopanga." Nikausoma ujumbe wote. Nikaurudia taratibu, neno kwa neno, kidole kikiwa kwenye kioo. Ndipo nikatuma.

Simu yake ikalia. Alifuta mikono kwenye kanga, akasoma midomo ikichezacheza, kama anavyosoma masomo kanisani.

"Umeusoma mara ngapi?"

"Mbili."

"Kama wa wageni."

"Kama wa wageni, dada."

Akaiweka simu kifudifudi kwenye turubai, akanisogezea ungo. "Haya, chagua. Na nguo ya mtoto uje nayo Jumamosi, niione kabla ya kumsimamia."